Mteja ameondoka Mikumi na furaha? Hivi ndivyo unavyoomba neno lake ulitumie kupata wengine

Jumapili mchana, stesheni ya SGR Kilosa. Kosta imeshusha wanafunzi 25 na walimu watatu waliotoka Dodoma jana yake, wakalala usiku mmoja Mikumi mjini na kuingia hifadhini asubuhi. Watoto wamechoka, wengine bado wanabishana nani aliwaona simba wa kwanza. Mwalimu msimamizi anamgeukia kijana aliyeandaa safari: "Mwanangu, mmetutendea haki. Mwakani tunarudi."

Kijana anatabasamu. "Asante sana Mwalimu, karibuni tena."

Treni inaondoka, na lile neno linaondoka nayo.

Hiyo ni picha ya mfano tu, lakini anayebeba wageni kati ya Kilosa na Mikumi ataitambua haraka. Wiki mbili baadaye kijana huyo huyo anakaa kuandika barua kwa shule tano za Dodoma na Morogoro, akieleza kwamba kampuni yake ni ya uhakika. Anayesoma barua hajawahi kumsikia. Swali lake la kwanza ni rahisi: nani ameshawahi kwenda nao, na alirudi anasemaje?

Jibu lilikuwepo pale stesheni, ila halikuombwa.

Kwa nini sasa hivi, na kwa nini Kilosa

Hifadhi ya Mikumi ipo tangu 1964, na kwa miaka mingi wageni wake wengi wamefika kwa barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, ile inayopita katikati ya hifadhi. Julai 2024 treni za abiria za SGR zilipoanza kufika Dodoma, Kilosa ikawa mlango mwingine. Mtu wa Dodoma anaweza kushuka Kilosa na kuendelea kwa gari hadi Mikumi, ambayo ipo ndani ya wilaya hiyo hiyo.

Kwa mwenye gari moja au mbili, maana yake ni kwamba anaweza kuwaandikia watu ambao zamani asingewafikia: shule, vikundi vya akina mama, kwaya, ofisi zinazotafuta sehemu ya kwenda mwisho wa mwaka. Shida ni kwamba watu hao hawamjui. Hawako mtaani kwake, hawawezi kumuuliza muuza chipsi wa pale stendi kama jamaa ni mtu wa kuaminika.

Neno la mteja aliyerudi salama ndilo linaloziba nafasi hiyo. Haliwezi kuziba nafasi ya leseni, ya bima ya gari wala ya vibali vya LATRA, na mkuu wa shule makini ataviomba vyote. Lakini ataviomba baada ya kuvutiwa kusoma barua hadi mwisho.

Omba pale pale anaposifia, pokea siku mbili baadaye

Wengi wanakosea muda. Wapo wanaoomba wakati mteja anamalizia malipo, na pale mtu anawaza hela yake. Wapo wanaoomba mizigo ikishushwa, watoto wanalia, treni inakaribia. Na wapo wanaokumbuka baada ya miezi mitatu, wakati mwalimu amebaki na kumbukumbu moja tu kichwani: "ilikuwa nzuri".

Muda wa kuomba ni ule ambao mteja mwenyewe amefungua mdomo na kusifia. Hapo huhitaji hotuba. Sentensi moja inatosha:

"Mwalimu, hilo ulilosema limenifurahisha. Naomba nikutafute kesho kutwa jioni uniambie tena kidogo, niwaonyeshe walimu wa shule nyingine."

Atasema sawa. Ameshakubali, na hajafanya kazi yoyote bado.

Kwa nini kesho kutwa na siyo hapo hapo? Kwa sababu Jumatatu atafika shuleni na wenzake watamuuliza safari ilikuwaje. Ataisimulia mara tatu nne ofisini. Akisimulia, ataanza kuchagua mwenyewe mambo yaliyomgusa, na ukimpigia Jumanne jioni atakuwa nayo mdomoni. Ukipitisha wiki, yale madogo madogo yenye thamani yanaanza kufifia.

Kabla ya kuomba lolote, hakikisha hakuna deni lililobaki. Sweta la mtoto lililosahaulika kwenye gari, chenji ya chakula, picha ulizoahidi kutuma kwenye grupu. Muulize moja kwa moja: "Kuna kitu hakikwenda sawa?" Akianza na "hapana, ila...", basi sikiliza hiyo "ila" na uimalize kwanza. Mteja anayedai sweta hawezi kukupa neno zuri, na akikupa kwa kuona haya, litasomeka hivyo hivyo.

Hilo neno "ushuhuda" linawatisha watu

Kwenye vitabu vya biashara kitu hiki kinaitwa ushuhuda wa mteja. Ukimwambia mwalimu wa Dodoma "naomba unipe ushuhuda", kichwani mwake anaona kanisa, maikrofoni na waumini wanaitikia. Anadhani anatakiwa aseme jambo kubwa, kwa hiyo anaahirisha.

Ukisema "naomba barua ya mapendekezo", umempa kazi nyingine kabisa. Barua ya shule inataka karatasi yenye nembo, kumbukumbu namba, saini ya mkuu na muhuri. Itazunguka mezani wiki tatu, na ikitoka itakuwa na lugha ya kiofisi isiyosema chochote: "huduma ilitolewa kwa kiwango cha kuridhisha".

Sema tu "maneno mawili matatu kuhusu safari". Mtu yeyote anaweza kutoa maneno mawili matatu. Kama baadaye utahitaji barua yenye muhuri, labda kwa ajili ya zabuni, iombe kama kitu kingine, kwa wakati wake.

Mpe maswali, usimpe ukurasa mtupu

Hapa ndipo urahisi unapoanzia. "Andika chochote unachoona" inasikika kama ukarimu, lakini kwa anayeandika ni mzigo. Atakaa na simu, atafuta mara mbili, mwisho atatuma: "Huduma nzuri sana, Mungu awabariki." Ni maneno ya upendo, ila hayamsaidii mwalimu mwingine kuamua kitu. Yanaweza kuandikwa kuhusu saluni, mgahawa au fundi bomba.

Maswali matatu yanatosha. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Poleni na uchovu wa safari. Kama nilivyokuomba pale stesheni, naomba maneno mawili matatu. Usiandike, tuma tu ujumbe wa sauti wa dakika moja ukijibu haya:
1. Kabla hamjaja, mlikuwa na wasiwasi gani kuleta watoto Mikumi?
2. Ni kitu gani kilitokea mkaona wasiwasi umepungua?
3. Mwalimu wa shule nyingine akikuuliza kuhusu sisi, utamwambia nini?
Mimi nitayaandika vizuri, kisha nitakurudishia usome kabla hayajaenda popote."

Swali la kwanza ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote. Linaonekana kama linaalika mabaya, na wengine wanaogopa kuliuliza. Lakini wasiwasi wa mwalimu huyu ndio wasiwasi wa mwalimu anayefuata. Akisema alihofia gharama za ghafla, umejua kwamba hata barua yako kwa shule nyingine inatakiwa ianzie hapo.

Swali la pili linamtoa kwenye sifa na kumpeleka kwenye tukio. "Mko makini" ni sifa. "Kila tukishuka kwenye gari mnahesabu watoto" ni tukio, na msomaji anaona picha.

Kwa nini sauti badala ya video? Kwanza bando. Ujumbe wa sauti wa dakika moja ni mwepesi, video ya dakika hiyo hiyo inakula MB nyingi zaidi na kwenye mtandao dhaifu inakwama njiani. Pili, mtu akiambiwa ajirekodi video anawaza nywele, nguo na ukuta wa nyuma. Kwa sauti anaongea akiwa anakuna nazi, na ndivyo utakavyopata maneno yake ya kawaida.

Asiyependa hata sauti, mpigie. Muulize maswali yale yale, andika kwenye daftari anavyosema, halafu kabla hujakata simu msomee ulichoandika. Usimrekodi simu bila kumwambia.

Kutoka kwenye sauti hadi kwenye aya

Tuseme mwalimu wetu wa mfano ametuma sauti hii:

"Marahaba mwanangu. Eeh, sisi bwana hofu yetu ilikuwa hela. Unajua ukienda na watoto wa watu, ukifika kule unaambiwa ongeza hiki, ongeza kile, unampigia nani? Sasa ninyi mlinitumia mchanganuo wiki moja kabla, kiingilio kipo, chakula kipo, gari ipo, na kweli hakuna hata senti iliyoongezeka. Gari ilichelewa kidogo pale stesheni, kama dakika ishirini hivi, ila yule dereva alinipigia kabla hatujashuka kwenye treni, kwa hiyo hatukuhangaika. Halafu kitu kingine, kila tukishuka mnahesabu watoto, hata pale bwawa la viboko. Mimi ningemwambia mwenzangu aende tu, asiogope."

Hii ni dhahabu, lakini ni ndefu kwa barua au bango. Ikipunguzwa inakuwa hivi:

"Hofu yetu ilikuwa hela. Mlinitumia mchanganuo wiki moja kabla, na hakuna hata senti iliyoongezeka. Gari ilichelewa kidogo stesheni, kama dakika ishirini, ila dereva alinipigia kabla hatujashuka kwenye treni. Kila tukishuka mnahesabu watoto."

Angalia kilichofanyika. Maneno ya kujaziliza yameondoka, sentensi zimefupishwa, lakini kila neno lililobaki ni lake. Hakuna "huduma bora kuliko zote Morogoro" iliyochomekwa. Hakuna "kampuni hii" mahali aliposema "ninyi". Kuondoa unaruhusiwa, kurekebisha tahajia pia. Kuongeza hapana, na kuondoa kwa namna inayogeuza maana hapana pia.

Na zile dakika ishirini? Kijana wetu atatamani kuzifuta. Asifute. Msomaji akikutana na sifa tupu anajua kuna kitu kimefichwa, kwa sababu hajawahi kuona safari ya watoto 25 iliyokwenda bila kasoro. Akiona kuchelewa, kisha akaona dereva alipiga simu mapema, anaamini na zile sentensi nyingine. Tena amepata habari anayoihitaji hasa: mambo yakienda kombo, hawa watu wanafanyaje?

Tofauti ni pale kasoro inapokuwa ya usalama. Mwalimu akisema gari lilikuwa na tairi kipara, hiyo siyo habari ya kuipamba kwenye barua wala ya kuikata kimyakimya. Nunua tairi kwanza. Neno lake lisitumike kabisa hadi tatizo limekwisha na amelijua hilo.

"Andika wewe tu, mimi nitapitisha"

Jibu hili litakuja. Watu wana kazi, na kwetu ni kawaida kabisa anayeomba barua kuambiwa aiandike mwenyewe ilete isainiwe. Inaonekana njia ya mkato nzuri, ila matokeo yake yanajulikana: barua tano za wateja watano tofauti zenye sauti ya mtu mmoja. Anayesoma zote kwa pamoja anagundua kufikia ya tatu.

Kuna njia ya katikati. Fungua mazungumzo yenu ya WhatsApp, tangu siku ya kwanza mlipoanza kupanga safari. Humo kuna "tumefika salama, watoto wamelala", kuna "asante kwa mchanganuo, mkuu ameridhika". Yakusanye maneno hayo, yapange aya moja, mtumie: "Mwalimu, haya ni maneno yako mwenyewe nimeyaokota kwenye chati yetu. Yapo sawa? Ungependa kubadilisha wapi?" Yeye anasoma kwa nusu dakika na kugusa sehemu moja. Kazi umeifanya wewe, maneno yamebaki yake.

Kumbuka kuyaokota ni kitu kimoja na kuyatangaza ni kingine. Kupiga skrinishoti ya chati, jina na picha ya mtu vikionekana, na kuitupa stetasi bila kumuuliza ndilo kosa linalofanyika kila siku. Aliandika kwako, hakuandika kwa watu mia tatu walio kwenye simu yako.

Ruhusa: iwe ya maandishi, na itaje mahali

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Jina la mtu, picha yake, sauti yake na mahali anapofanya kazi ni taarifa zake. Kuzitumia kutafuta wateja kunataka ridhaa yake, na ridhaa aliyoitoa anaweza kuiondoa.

Usiogope neno sheria. Kwa vitendo ni ujumbe mmoja, unaotumwa pamoja na ile aya iliyofupishwa:

"Mwalimu, haya ndiyo maneno nitakayotumia. Naomba ruhusa kuyaweka sehemu mbili: kwenye barua tunazotuma kwa shule, na kwenye ukurasa wetu wa Instagram. Nitaandika 'Mwalimu msimamizi wa safari, shule ya msingi, Dodoma, Agosti 2025', bila jina lako wala la shule. Ukitaka jina liwepo niambie. Na siku ukitaka niyaondoe, nitayaondoa. Ukikubali jibu NDIYO."

Jibu la neno moja, basi. Lihifadhi, kwa sababu simu hupotea. Jitumie kwenye barua pepe au liandike daftarini pamoja na tarehe.

Suala la jina lina mtego wake. Jina kamili la mtu na la shule linaaminika zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mwalimu akisema kwa jina la shule, mwenye kauli ni mkuu wa shule, siyo yeye. Anaweza kukukubalia leo kwa wema, kesho akaulizwa ofisini nani alimruhusu kuitangaza kampuni binafsi. Kwa hiyo kama unataka jina la shule, muombe mwalimu akusaidie kumfikia mkuu. Kama ni yeye tu, mwache abaki "mwalimu msimamizi wa safari". Cheo na mji vinatosha kumwonyesha msomaji kwamba ni mtu halisi.

Picha za watoto ziache. Sheria inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na ridhaa ya mwalimu haisimami badala ya ya mzazi. Picha ya Kosta ikiwa imeegeshwa getini, au migongo ya watoto kwa mbali wakiangalia twiga, inafanya kazi yako bila kumweka mtoto wa mtu kwenye tangazo.

Usilipe

Wazo la kumpa mteja punguzo la safari ijayo ili aseme vizuri linakuja lenyewe. Tatizo ni kwamba neno lililolipiwa linageuka tangazo, na anayelisoma hajaambiwa. Kwa upande wa mtandao ni wazi zaidi: Google na Tripadvisor zote zinakataza kutoa zawadi au punguzo ili mtu aandike maoni, na maoni ya namna hiyo yanaweza kuondolewa.

Kwa wageni wa nje, ambao husoma Tripadvisor na ramani ya Google kabla ya kitu kingine chochote, urahisi ni linki moja. Ukiwa na ukurasa wa biashara yako Google, humo kuna sehemu iliyoandikwa `Ask for reviews`. Inakupa linki fupi inayompeleka mgeni moja kwa moja kwenye nyota na kisanduku cha kuandikia. Mtumie akishafika hotelini kwenye Wi-Fi, siyo akiwa katikati ya hifadhi mtandao ukipanda na kushuka. Na watumie wageni wote, siyo wale tu uliowaona wanacheka. Google haitaki uchague wenye furaha peke yao.

Shukrani siyo malipo, lakini zije baadaye na zisiwe na masharti. Picha nzuri za safari, au kumpigia tu kumjulisha kwamba shule nyingine imekuja kwa sababu ya maneno yake. Hiyo ya pili watu wanaipenda kuliko unavyodhani.

Weka neno karibu na hofu

Umeshapata neno, umepata NDIYO. Kosa la mwisho ni kulirundika na mengine tisa kwenye ukurasa wa nyuma wenye kichwa "Wateja wetu wanasemaje". Mkuu wa shule hafiki huko.

Liweke pale hofu inapotokea. Barua ya kijana wetu kwa shule mpya inaweza kuwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Shule. Tunaandaa safari za wanafunzi kwenda Hifadhi ya Mikumi, tukiwapokea stesheni ya Kilosa. Gharama kwa mwanafunzi imeambatanishwa, ikiwa na kiingilio, chakula, malazi na usafiri. Tunajua shule nyingi huhofia gharama kuongezeka njiani. Mwalimu aliyesimamia safari ya shule ya msingi ya Dodoma mwezi Agosti alituambia: 'Hofu yetu ilikuwa hela. Mlinitumia mchanganuo wiki moja kabla, na hakuna hata senti iliyoongezeka.' Nakala ya leseni yetu na ya vibali vya gari zimeambatanishwa."

Sentensi mbili tu za mwalimu zimetumika. Zile za kuchelewa na kuhesabu watoto zinasubiri barua nyingine, ile inayozungumzia usalama, au mazungumzo ya simu mkuu akiuliza "na mkichelewa je?". Neno moja refu linagawanyika, ila kila kipande kibebe maana ile ile kilichokuwa nayo kikiwa pamoja na wenzake.

Wakuu wengine watasema: "Tupe namba ya huyo mwalimu tumuulize." Hiyo ni dalili nzuri kuliko zote, na ndiyo sababu ya kutobuni. Usiitoe papo hapo. Mpigie mwalimu kwanza: "Kuna mkuu wa shule anataka kukuuliza kuhusu ile safari, nimpe namba?" Na usiitume kwa shule tano wiki moja, utamchosha mtu aliyekufanyia hisani.

Akikaa kimya

Tiki za bluu zimewaka, jibu hakuna. Mara nyingi siyo kwamba amekataa; ni mitihani, ni msiba, ni simu iliyopasuka kioo. Subiri siku tano hadi saba, kumbusha mara moja, na mara hii punguza kazi zaidi: "Mwalimu, najua mna mengi. Nijibu swali la pili tu, hata kwa sentensi moja." Wengi hujibu hapo.

Akinyamaza tena, acha. Mwalimu huyo bado anaweza kurudi mwakani na watoto 50, na hilo ni kubwa kuliko aya moja. Endelea kumtumia salamu za kawaida bila kutaja suala hilo.

Jambo dogo la mwisho ni tarehe. Andika mwezi na mwaka chini ya kila neno unalotumia. Walimu huhamishwa, madereva huondoka, Kosta huuzwa, na mkuu wa shule akisoma sifa za dereva aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita ataletewa mtu mwingine kabisa pale Kilosa. Dereva akibadilika, sentensi yake inatoka kwenye barua siku hiyo hiyo, na kwa kundi linalofuata kijana anashuka stesheni akiwa na maswali yake matatu tayari kwenye simu.